Kurasa Tano za Jumatatu

Profesa hajawahi kuiba hata kibanio cha nguo. Nalisema mapema kwa sababu nitakayosimulia yatamfanya aonekane tapeli, na mimi niliyefanya naye kazi miaka saba katika chumba cha kufulia cha hospitali najua kwamba si tapeli. Ni mvivu wa kawaida tu, kama mimi na wewe. Tofauti ni kwamba uvivu wangu mimi hauna mtu wa kumliza.

Kazi yetu ni mashuka. Yeye hupakia mashine za kufulia, zile kubwa zenye mlango wa duara, na mimi husimama kwenye mashine ya pasi yenye rola refu, inayomeza shuka bichi upande mmoja na kulitema likiwa limenyooka upande wa pili. Ni kelele na mvuke tangu asubuhi. Tunazungumza kwa kupiga mayowe, na saa saba mchana mashine zinapozimwa tunaendelea kupiga mayowe kwa dakika tano nzima kabla hatujakumbuka kwamba hakuna haja.

Jina la Profesa tulimpa siku alipokuja kazini na daftari. Mkewe alikuwa nje ya nchi mwaka wa pili, akitunza wazee katika nyumba ya wazee, na ili mume na binti yao wamfuate, mume alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa lugha ya huko. Binti, mwenye miaka kumi na miwili, hakudaiwa mtihani wowote. Nyumbani walilelewa wote wawili na mama mkwe, mama mzazi wa mkewe, aliyekuja na begi moja kusaidia kwa wiki mbili na hakuondoka tena. Profesa alimheshimu mama huyo kupita kiasi. Akiingia sebuleni na kumkuta amekaa, anarudi nyuma hatua moja, anaamkia, ndipo anapita.

Kila Jumamosi alikwenda darasani, na Mwalimu wake alikuwa mama mkali mwenye kanuni moja tu, ambayo Profesa alitusimulia mara nyingi hata sisi tukaijua.

"Kila siku sentensi sita," Mwalimu aliwaambia. "Andikeni yaliyotokea kweli tangu jana jioni hadi mnaposhika kalamu. Msitunge. Ukitunga utachagua maneno unayoyajua tayari, na hutajifunza kitu. Wekeni kengele ya simu saa ileile kila siku, muiambatanishe na jambo mnalolifanya tayari, chai au chakula cha mchana. Ikilia, andika. Kesho yake, kabla ya kuandika mapya, soma ya jana ukiwa na kalamu nyekundu. Usifute kosa. Lipigie mstari, andika sahihi juu yake. Penye shaka weka alama ya kuuliza, nami nitapaona Jumamosi."

Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini wasisahihishe papo hapo, wamalize kazi.

"Kwa sababu leo bado unasoma ulichokusudia kuandika," Mwalimu akajibu. "Kesho utasoma ulichoandika."

Mkewe Profesa alikuwa amejifunza kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo alipopata habari alifurahi sana. Akaomba atumiwe picha kila siku: ukurasa wa leo, na ule wa jana ukiwa na wekundu wake. Alikuwa akizisoma wakati wa mapumziko, amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kubadilishia nguo, na alijibu kwa sentensi moja ya lugha ya huko. Kisha chini yake, kwa Kiswahili, swali lilelile: "Mama hajambo?" Baada ya siku chache Profesa akaona heri amtangulie. Akaamua kwamba sentensi ya sita itakuwa ya mama kila siku. Mama amepika. Mama anaumwa goti. Mama amegombana na muuza mkaa na ameshinda.

Nitakuwa mwongo nikisema hakujitahidi. Wiki sita za mwanzo kengele ilipolia saa saba na robo aliketi juu ya magunia ya nguo chafu, akaweka daftari gotini, akatoa jasho. Dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Nyuma ya daftari aliandika orodha ya makosa yanayomrudia, maana Mwalimu alitaka hivyo, na kabla ya kuandika aliisoma kama mtu anayesoma onyo mlangoni.

Halafu mashine moja ikaharibika. Kazi ya mashine tatu ikawa ya mbili, na siku tatu mfululizo kengele ililia akaizima kwa kidole chenye sabuni. Siku ya nne mkewe akauliza, "Umeacha?" Swali lile lilimchoma. Mchana huo aliandika kurasa nne kwa mpigo, akaweka tarehe tofauti, akaazima kalamu yangu ili rangi ya bluu isifanane kote.

"Na nyekundu je?" nikamuuliza, kwa utani. "Mtu hawezi kukosa kosa siku nne."

Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia, na sitajitoa. Alinitazama, akacheka, akarudi kwenye kurasa zile na kuharibu sentensi zilizokuwa sawa. Akaweka kosa hapa, kosa pale. Akachukua kalamu nyekundu akayapigia mstari na kuandika juu yake yaleyale aliyokuwa ameandika mwanzo. Tulicheka hadi msimamizi akachungulia.

Jumamosi ile Mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Alisema tazameni jinsi mwenzenu anavyoyaona makosa yake mwenyewe. Profesa alirudi kazini Jumatatu akitembea kama bwana harusi, na kuanzia siku hiyo akabuni utaratibu. Kila Jumatatu mchana aliandika kurasa tano za wiki nzima. Anazipiga picha zikiwa za bluu tupu. Kisha anatia nyekundu, anazipiga picha tena. Simu inabeba picha kumi, na kila siku kengele ikilia anatuma mbili. Dakika moja, anarudi kwenye wali wake. Kengele iliyowekwa imkumbushe kuandika ikawa ya kumkumbusha kudanganya.

"Si kudanganya, dada," aliniambia. "Maisha yetu ni yaleyale. Jumatano itakuwaje tofauti na Jumanne? Mama atapika, mtoto ataenda shule, mimi nitafua."

Mwalimu hakuchukua muda mrefu kunusa. Jumamosi moja alimbakisha darasani wenzake walipotoka, akafungua daftari lake mezani.

"Wewe baba, mbona unasahihisha makosa usiyoyafanya?" akamuuliza. "Haya mekundu hapa, ukizungumza hukosei hata mara moja. Na yale unayokosea kila ukifungua mdomo, hapa yamekaa kimya hayana hata mstari. Wiki ya tatu sasa."

"Nachoka kazini, Mwalimu."

"Kuchoka huleta makosa mengi. Hakuleti makosa ya kuchagua." Akamrudishia daftari. "Daftari ni lako na mtihani ni wako. Mimi simkagulii mtu maisha."

Alinisimulia hayo akicheka, lakini hakucheka hadi mwisho. Aliapa ataanza upya Jumatatu. Jumatatu ikafika na rundo la mashuka ya wodi mbili, akaandika kurasa zake tano.

Wiki hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Mama mkwe alikuwa ameanza kuchoka tangu mwanzo wa mwezi. Miguu ilimvimba, na alipotoka jikoni hadi mlangoni alisimama mara mbili kushika ukuta. Profesa, mtu anayefanya kazi ndani ya hospitali, alimwambia aje aonwe. Mama akasema ni uchovu, na akawakataza yeye na binti wasithubutu kumweleza aliye mbali. "Msimtie mwanangu presha huko ugenini," alisema. "Hana wa kumshika mkono." Profesa akakubali upesi. Baadaye aliniambia kwamba alikubali upesi kwa sababu kurasa zilikuwa tayari zimesema mama ni mzima, na kubadilisha kurasa ni kazi.

Jumatatu, kwa hiyo, mkewe akasoma kwamba mama ameimba akipika. Jumanne akasoma kwamba mama amekwenda sokoni kwa miguu. Jumatano, kwamba mama na mjukuu wamecheka sana jana jioni. Kila siku mkewe alituma moyo mwekundu na sentensi yake moja.

Alhamisi asubuhi Profesa alikuwa anafunga viatu. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, ameegemea mito miwili, hapo ndipo alipolala usiku kwa sababu kitandani pumzi ilikuwa inamkatikia. Akamwita.

"Baba, hilo daftari unalompelekea mwanangu, leo utaandika?"

"Ndiyo, mama. Mchana."

"Basi keti kidogo. Na mimi nina neno langu moja, uniandikie humo. Kwa hiyo lugha yao, ashangae."

Alitabasamu aliposema ashangae. Profesa aliangalia saa. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa ndani ya begi, sentensi zote sita, mekundu yake yameshakauka. Picha zilikuwa kwenye simu.

"Wa leo umejaa, mama," akasema. "Tutaandika kesho."

"Haya baba. Kesho."

Ijumaa alfajiri binti alikwenda kumpelekea maji akamkuta hakuamka. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umechoka kwa muda, na kwamba huenda hata angeletwa wiki ile isingesaidia. Huenda. Neno hilo watu hulipokea kama faraja. Profesa hakulipokea hivyo.

Nilikwenda msibani na wenzangu wa kazini. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye viti, Profesa katikati yao ameinamisha kichwa. Saa saba na robo kengele ya simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa na mlio wa furaha, wa filimbi, aliouchagua mkewe. Akaitoa haraka aizime, na kwa mazoea kidole kikafungua picha. Nilikuwa nimemletea maji ya kunywa, nikaiona. Ukurasa wa bluu, tarehe ya siku ile, na sentensi ya mwisho ambayo hata mimi nilikuwa nimeshajua kuisoma kwa kuiona kila wiki: Leo asubuhi mama amenipa chai na anakusalimu.

Alinitazama. Mimi nikatazama chini. Picha hiyo hakuituma.

Mkewe hakuweza kuja. Ruhusa ya kazi, tiketi, mazishi ni kesho yake. Tulimzika mama bila yeye. Alikuwa kwenye simu iliyoshikwa na binti juu ya kaburi, na upepo ukawa unakula maneno.

Wiki mbili baadaye alipiga simu jioni, akaomba waweke sauti wazi, mume na binti wote wamsikie. Akasema anazo kurasa zote, amezihifadhi, anazisoma kabla ya kulala. Kwamba watu wengine wakifiwa mbali hawaambulii kitu, lakini yeye Mungu alimpa mume aliyemwandikia mama yake siku kwa siku.

"Nisomee ile wiki ya mwisho," akasema. "Kwa sauti yako. Kisha unitafsirie, na mtoto asikie bibi yake alivyokuwa."

Profesa akachukua daftari. Akasoma Jumatatu.

"Aliimba," mkewe akasema. "Aliimba wimbo gani?"

Sasa hebu fikiria umeulizwa swali hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye alikuwa ameshafika ukingoni na bado anaombwa aendelee kutembea. Akataja wimbo. Wimbo wa kanisani aliowahi kumsikia mama akiuimba zamani. Mkewe akauimba ubeti mmoja kule aliko, akilia, na Profesa akaitikia kiitikio.

Simu ilipokatwa, binti alikuwa bado amekaa palepale. Hakupaza sauti.

"Baba, bibi hakuimba wiki ile. Alikuwa hawezi hata kumaliza kusema."

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini uliandika?"

Akalifunga daftari. Aliniambia kwamba angetamani mtoto angemfokea, kwa sababu ukifokewa unapata pa kukasirikia.

Kesho yake saa saba na robo kengele ililia, naye akaketi juu ya magunia kama zamani. Nilidhani anaandika ukurasa mpya. Alikuwa amerudi kwenye ile wiki. Ameshika kalamu nyekundu.

"Nikimwambia atavunjika," alisema. "Anazo hizo tu. Nikimnyang'anya hizo, mama yake atakuwa amekufa mara mbili."

Nilitaka kumwambia amwache mwanamke na faraja yake. Nusura niseme. Kisha nikakumbuka nani aliyeuliza habari ya nyekundu siku ile, nikanyamaza, kwa sababu shauri langu lilikuwa limeshatuponza.

"Mimi naona aibu," akaendelea, bila kunitazama. "Ninamwona anaimba. Kila nikifumba macho namwona anaimba ule wimbo niliomzulia mama yake."

Akapiga mstari chini ya aliimba. Juu yake, kwa ile lugha, akaandika polepole: hakuimba. Pembeni akaongeza: alisimama mara mbili kati ya jikoni na mlango. Alitafuta neno la kuvimba katika kamusi, hakulijua, hakuwahi kulihitaji katika yale aliyokuwa anatunga. Akaandika: miguu ilikuwa imevimba. Chini yake: alitukataza tusikuambie, nami nilifurahi kukatazwa. Sentensi ile ilimchukua muda wote wa mapumziko. Ilikuwa na makosa ambayo hata mimi nisiyejua lugha niliyahisi, kwa jinsi alivyoifuta kwa macho na kuirudia.

Siku tatu alifanya hivyo. Jumatano akaandika kwamba mama alilala ameketi. Jumanne ilimshinda. Alikaa nayo mapumziko yote, akijaribu kukumbuka Jumanne mama alifanya nini, alisema nini, alivaa nini. Alikuwepo. Walikula meza moja. Hakuwa na kitu. Alipigia mstari safari ya sokoni, na juu yake akaweka alama ya kuuliza peke yake.

Ijumaa aliandika neno moja, amefariki, na Alhamisi akaiacha mwisho.

Alipotuma picha zote tano aliinuka akaenda kupakia mashine ili asiione simu. Tuliwasha mashine zote. Robo saa baadaye simu ikatikisika juu ya meza ya kukunjia, mimi nikamwonyesha kwa ishara. Msimamizi hakuwepo, nikazima rola langu. Akaweka sauti ya juu kwa sababu mashine zake zilikuwa katikati ya kusuuza.

Mkewe hakusalimu. Nyuma yake tulisikia mlango wa kabati la chuma ukifungwa.

"Zile ulizonitumia zote ulitunga?"

"Wiki nne, mke wangu. Sita za mwanzo ni kweli. Nne hizi nilitunga."

"Hakuimba."

"Hakuimba."

Alilia kwa muda. Profesa alisimama wima mbele ya simu, mikono ubavuni, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mama mkwe. Hakumbembeleza, na nadhani alifanya vizuri.

"Hii ya Alhamisi," mkewe akasema mwishowe. "Umeandika kwamba mama alitaka kuniambia neno. Au ni lugha yako mbovu, sijaelewa?"

"Umeelewa. Alitaka niandike neno lake. Nikamwambia ukurasa umejaa."

"Neno gani?"

"Sijui."

"Hakukwambia hata linahusu nini?"

"Sikumuuliza."

Mashine ya kwanza ikamaliza kusuuza, ikanyamaza, kisha ya pili. Chumba chote kikawa kimya, na sauti ya yule mwanamke ikawa kubwa kuliko tulivyotarajia.

"Isome tena ya Alhamisi," alisema. "Polepole. Usinitafsirie."

Profesa akafungua daftari akamsomea.